Chupa 34 za mjomba: kwa nini mvinyo mwingi haupandi bei

Desemba nilivyorudi Dar nilimkuta mjomba ameshazipanga chupa zote mezani, 34, amezifuta vumbi moja moja, na binti yake yuko pembeni na daftari ameandika jina la kila chupa na bei aliyoiona mtandaoni. Chini kabisa amepiga mstari mara mbili, jumla milioni 41 za Kitanzania. Nimetoa shikamoo tu, hata begi sijaweka chini, mjomba akasema, "Marahaba. Mjomba, wewe ndo unashinda na vitu hivi huko Uingereza, hebu niambie ukweli, hapa si nyumba ya Moshi inaisha?"

Nafanya kazi kwenye ghala la kutunzia mvinyo Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kupokea masanduku, kukagua hali ya chupa, kuandika ripoti, na kuyatoa yakishauzwa. Kwa hiyo swali la mjomba naulizwa karibu kila mwezi na watu tofauti, ila safari hii lilikuwa la nyumbani, na mzee alikuwa ameziweka zile chupa kwa moyo wote kwa zaidi ya miaka ishirini bila kugusa hata moja. Alikuwa mtu wa manunuzi kwenye hoteli, alistaafu 2001, na karibu zote alipewa zawadi na wateja na wauzaji. Nilimwomba anipe siku nzima. Naandika hapa tulichokikuta kwa sababu najua makabati kama lile yapo mengi, na wenye nayo wanasubiri.

Kitu cha kwanza nilichofanya sikuangalia daftari kabisa. Nilizigawa chupa mafungu matatu kwa kusoma lebo tu. Fungu la kwanza likawa na chupa 25, la pili sita, la tatu tatu tu. Dada alikunja uso, maana kwenye lile fungu la 25 ndo kulikuwa na ile aliyoiandikia bei kubwa kuliko zote.

Nianze na hizo 25. Zilikuwa mvinyo mwekundu na mweupe wa Afrika Kusini wa dukani, nyingine za Italia na Hispania, mbili tamu za Dodoma, chache za Ufaransa. Hakuna ubaya wowote kwenye mvinyo huo, ulitengenezwa vizuri, ila ulitengenezwa unywewe. Hapo ndo watu wengi hatuelewani, kwa sababu tumesikia tangu utoto kwamba mvinyo ukikaa unakuwa mtamu zaidi, tukadhani ni tabia ya mvinyo wote. Sivyo. Mvinyo mwingi sana duniani unatengenezwa uwe mzuri siku unayoutoa dukani, na ukishapita mwaka mmoja, miwili, mitatu hivi, unaanza kushuka. Ule unaoweza kukaa miaka 20 ni sehemu ndogo mno ya unaotengenezwa.

Sababu iko kwenye zabibu zenyewe na jinsi zilivyofanyiwa kazi. Mvinyo mwekundu ili ukae muda mrefu unahitaji tanini ya kutosha, yaani ule ukakasi unaotoka kwenye maganda na mbegu, ule unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Unahitaji asidi pia, na unahitaji ladha iliyojaa ya zabibu kutoka kwenye mizabibu isiyobebeshwa mzigo mkubwa wa matunda. Vitu hivyo vinapambana na oksijeni pole pole, na vikipambana vinabadilika, ukakasi unalainika, harufu za tunda bichi zinageuka kuwa za ngozi, tumbaku, udongo uliolowa. Mvinyo wa bei ya kawaida unatengenezwa makusudi bila ukakasi mwingi, kwa sababu mtu anaufungua jioni hiyo hiyo na hataki kukunja uso. Sasa ukiuweka miaka 20 hauna cha kupambana nacho, tunda linakufa na hakuna kitu kinachokuja badala yake.

Halafu kuna ile chupa ya dada. Daftarini aliandika Mouton Rothschild 1996, akaweka ile bei kubwa kuliko zote. Niliishika nikaisoma naye taratibu. Lebo ilisema Mouton Cadet. Familia ni ile ile, jina la Rothschild lipo kwenye lebo, mkoa ni ule ule wa Bordeaux, ila ni mvinyo mwingine kabisa. Château Mouton Rothschild inatoka kwenye shamba moja pale Pauillac, na tangu 1973 imo kwenye daraja la kwanza la orodha ya mashamba iliyopangwa 1855. Mouton Cadet ulianza miaka ya 1930, baada ya mavuno mabaya ambayo wenyewe waliona hayafai kubeba jina la shamba, na baadaye ukawa mvinyo wa kibiashara, zabibu zinatoka sehemu mbalimbali za Bordeaux na zinajazwa mamilioni ya chupa kwa mwaka. Ni mvinyo wa chakula cha jioni. Kosa lile la dada naliona kila wakati kwa watu wenye akili zao, kwa sababu anayetafuta mtandaoni anaandika neno moja la lebo na bei kubwa ndo inayotokea juu.

Kwa hiyo 25 zikaondoka kwenye hesabu. Mjomba hakusema kitu, alizihamisha mwenyewe mpaka kwenye sofa.

Lile fungu la chupa sita silielezi sana. Tano zilikuwa shampeni za kawaida zisizo na mwaka kwenye lebo, na shampeni isiyo na mwaka imechanganywa kutoka mavuno kadhaa ili ladha iwe ile ile kila siku, haiwekwi kabatini kusubiri bei. Ukiikuta na umri wa miaka 20 kwenye joto la Dar mapovu yameshakwisha na rangi imekuwa ya asali iliyoungua. Ya sita ilikuwa Port, ule mvinyo mtamu wa Ureno, Taylor's ya 1985, nitairudia mwishoni.

Zikabaki tatu. Château Lynch-Bages 1996, Pauillac. Hizi mjomba alipewa na mgeni mmoja Mfaransa wiki aliyostaafu, na nilivyoziona moyo ulidunda kidogo, maana hizi ni mvinyo wa kweli wa kuweka. Shamba limo kwenye ile orodha ya 1855, daraja la tano, ila sokoni linaheshimiwa kuzidi daraja lake, na 1996 ulikuwa mwaka mzuri sana upande ule. Chupa ya namna hii iliyotunzwa inavyotakiwa inauzwa Uingereza pauni mia na kitu. Kwa hiyo hapa swali la je, ni mvinyo wa kuweka, jibu lake ndiyo. Linakuja swali la pili, na hilo ndo linaloua watu wengi: umewekwa wapi?

Nilizima taa ya sebuleni nikawasha tochi ya simu nyuma ya chupa ya kwanza. Kitu cha kwanza unachoangalia ni mvinyo umefika wapi. Ukitoka kiwandani unajaa mpaka ndani ya shingo. Baada ya miaka 25 kwenye ghala zuri unategemea ukute bado uko kwenye shingo au chini kidogo pale shingo inapoanzia. Wa mjomba ulikuwa umeshuka mpaka katikati ya bega la chupa. Maana yake sehemu ya mvinyo imetoka, na nafasi ile imeingiwa na hewa. Chupa ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ya tatu afadhali kidogo. Kisha nikajaribu kuzungusha ile foili ya juu kwa vidole viwili, ikagoma, imegandana na chupa. Foili isipozunguka peke yake siyo ushahidi wa mwisho, ila ukiijumlisha na kiwango kilichoshuka, ujue mvinyo ulipenya pembeni ya kizibo ukakaukia pale juu kama gundi. Nilivyoikata kweli kulikuwa na duara jeusi linalonata.

Kilichotokea ni joto, na ni rahisi kueleweka. Mvinyo ukipata joto unatanuka, na kwenye chupa hakuna pa kutanukia isipokuwa kusukuma kizibo. Usiku ukipoa unasinyaa na kuvuta hewa ndani. Kabati la mjomba liko ukuta mmoja na jiko, kwa hiyo kila siku kwa miaka zaidi ya ishirini lile jambo linajirudia, sukuma, vuta, sukuma, vuta. Juu ya hapo zilikuwa zimesimama wima. Chupa yenye kizibo cha gome inalazwa ili mvinyo ukilowanishe kisikauke, ikisimama miaka kizibo kinakauka kinasinyaa na njia ya hewa inafunguka. Ghala ninalofanyia kazi tunakaa kama nyuzi 13, mwaka mzima, usiku na mchana, unyevu wa hewa kama asilimia 70, taa zinawaka tu mtu akiingia. Dar Februari inapita nyuzi 30, na hata Julai usiku haishuki kufika hata karibu na hapo. Na siyo kuvuja tu, joto lenyewe linaharakisha kila badiliko ndani ya chupa, kwa hiyo mvinyo uliotakiwa kuzeeka kwa miaka 30 unazeeka kwa michache, tena unazeeka vibaya, kama embe lililoivishwa kwenye gunia.

Nilimwomba mjomba ruhusa tufungue ile mbaya zaidi. Akafikiria, akasema fungua. Kizibo kilikuwa na mstari mwekundu ubavuni kutoka chini mpaka juu, ile ndo njia mvinyo uliyopitia. Kwenye glasi rangi ilikuwa kahawia ya matofali mpaka katikati, wakati mvinyo wa mwaka ule uliotunzwa unakuwa bado mwekundu katikati na kahawia pembeni tu. Harufu ilikuwa ya zabibu kavu zilizopikwa, mchuzi wa soya, na nyuma yake siki. Dada alionja akarudisha glasi mezani. Mjomba alikunywa nusu.

Sasa dada akauliza swali zuri sana. Akasema, sawa, hii imeharibika, ila ile ya tatu iko afadhali, na mnunuzi haoni ndani, kwa nini tusiiuze kwa ile pauni mia? Nikamwambia mnunuzi haoni ndani ndo maana anauliza imetoka wapi. Hii ndo roho ya biashara yote. Chupa iliyofungwa haiwezi kuonjwa kabla ya kununuliwa, kwa hiyo mtu hanunui mvinyo tu, ananunua historia ya mahali ulipolala. Atataka risiti ya kwanza, atataka kujua ghala gani, tangu lini, imehama mara ngapi. Mjomba ana kadi ya pongezi ya yule mgeni na basi. Nyumba ya mnada yenye jina ikiona chupa tatu kutoka kwenye kabati la mji wa joto, bila karatasi, na mvinyo umeshuka begani, haitazipokea.

Na pesa inayoonekana kwenye skrini siyo pesa inayoingia mfukoni. Bei ya mtandaoni ni bei anayoomba muuza duka, ameweka faida yake, kodi yake, na pengine chupa imekaa hapo miaka mitatu haijapata mtu. Anayeuza kwa mnada anakatwa kamisheni, na mnunuzi naye anaongezewa ada juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho kutajwa mnadani, mara nyingi asilimia 20 na zaidi, na mnunuzi mwenye akili anaitoa hiyo kichwani kabla hajanyoosha mkono. Usafirishaji wa chupa tatu kutoka Dar mpaka London pamoja na bima na karatasi za forodha ungekula kila kitu.

Tukafanya hesabu nyingine pale pale kwenye daftari, tukijifanya mjomba alifanya kila kitu sawa. Tuseme alinunua Lynch-Bages kwa pauni 30 chupa, akailaza kwenye ghala miaka 25, akauza 120. Imezaa mara nne, mtu atakuambia amepata utajiri. Ila mara nne kwa miaka 25 ni kama asilimia 5.7 kwa mwaka. Toa ghala na bima, kama pauni 1.20 kwa chupa kila mwaka, hiyo ni 30 nyingine. Toa kamisheni ya kuuzia asilimia 10, ni 12. Zinabaki 78. Kutoka 30 mpaka 78 ni chini kidogo ya asilimia 4 kwa mwaka. Na huu ni mvinyo mzuri, mwaka mzuri, umetunzwa vizuri, umepata mnunuzi. Jirani yake wa mwaka 1997, mwaka uliokuwa dhaifu, hata hapo hafiki. Mjomba alirudia ile hesabu mwenyewe kwa kalamu, mara mbili, kisha akaniambia, "Kumbe hata benki ya hapa ingenilipa."

Hapo dada akanikumbusha zile habari za chupa zinazouzwa mamilioni, kwamba hao nao vipi. Hao wapo, ila ukiangalia vizuri wanasimulia kitu kile kile. Oktoba 2018 pale New York iliuzwa chupa ya Romanée-Conti 1945 kwa dola 558,000, nyumba ya mnada yenyewe ilikuwa imekadiria kama 32,000. Lile shamba ni dogo, hekta 1.8 tu, na mwaka ule zilitoka chupa kama 600, halafu mizabibu ya zamani ikang'olewa. Ila kuna kitu kingine kwenye ile bei: chupa ilitoka moja kwa moja kwenye stoo binafsi ya Robert Drouhin, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa mvinyo huko Burgundy, Ufaransa, haikuwa imezunguka mikononi mwa watu. Watu walilipia mvinyo na walilipia kutozunguka kwake.

Mfano wa upande wa pili ni wa miaka kumi kabla, Aprili 2008. Kwenye mnada huko New York zililetwa chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la Domaine Ponsot, shamba la familia huko huko Burgundy, za miaka kati ya 1945 na 1971. Laurent Ponsot mwenyewe akapanda ndege akaja, zikaondolewa mnadani, kwa sababu familia yake ilikuwa haijaanza kabisa kutengeneza mvinyo huo mpaka miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alikamatwa 2012 na 2014 akahukumiwa miaka kumi jela. Alikuwa anachanganya mvinyo nyumbani kwake na kubandika lebo. Nilimweleza mjomba kwamba mtu huyo alikuwa anawauzia watu wanaokunywa mvinyo wa bei mbaya kila wiki na hawakugundua kwa ulimi. Kilichomkamatisha ni mtu aliyejua kumbukumbu za shamba lake mwaka kwa mwaka.

Lakini kisa kinachonifundisha zaidi mimi ni cha Lafite, kwa sababu pale hakukuwa na feki, hakukuwa na kabati la joto, watu walifanya yote sawa na bado wakapoteza. Hong Kong ilifuta ushuru wa mvinyo Februari 2008, na pesa za China zikaanza kumiminika, hasa kwa Château Lafite Rothschild, shamba lingine la Bordeaux, maana jina lilikuwa rahisi kutamkika na lilikuwa limeshakuwa zawadi ya heshima ya kumpelekea bosi. Oktoba 2010 Lafite wakatangaza kwamba chupa za mwaka 2008 zitachongwa namba nane ya Kichina, namba ya bahati kule, bei ikaruka hapo hapo. Mwezi huo huo Hong Kong ziliuzwa chupa tatu za Lafite 1869, kila moja zaidi ya dola 230,000 za Kimarekani. Katikati ya 2011 yakaja mauzo ya mwaka 2010, mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa, maana Bordeaux wana utaratibu wa kukuuzia kabla haujaingia kwenye chupa, unalipa leo unapokea baada ya miaka miwili. Sanduku la chupa 12 lilipita pauni 10,000. Watu walipanga foleni.

Kiangazi hicho hicho soko likageuka. Wachina wakapunguza kununua, baadaye serikali yao ikakaza kwenye zawadi kwa viongozi, na zaidi ya miaka kumi baadaye lile sanduku lilikuwa linauzwa karibu nusu ya bei ya siku ya kwanza. Wakati mvinyo wenyewe ni mzuri ajabu, mwaka 2010 hakuna anayeubishia.

Nimeyabeba masanduku yale kwa mikono yangu, ndo maana naona sababu moja ambayo watu hawaisemi sana. Bei ya mvinyo inapanda kama chupa zinapungua, na chupa zinapungua kama watu wanakunywa. Lafite inatoa chupa laki moja na zaidi kwa mwaka, na mvinyo wa 2010 unahitaji miaka 20 hivi kabla haujawa tayari kunywewa. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyefungua. Walionunua kwa kuuza, wanunuzi wao nao wamenunua kwa kuuza, sanduku linabadilisha mwenye mali kwenye kompyuta na halijatoka hata rafu moja kwenda nyingine. Nimewahi kubandika lebo ya mmiliki wa nne kwenye sanduku ambalo misumari yake haijaguswa tangu litoke Ufaransa. Shamba lilikuwa limeshachukua faida yote ya miaka ishirini ijayo siku ya kwanza, aliyenunua akabakiwa na kodi ya ghala.

Mjomba akauliza, sasa hao wanaoweka mvinyo kweli wanafanyaje? Nikamweleza kuhusu mteja mmoja mzee, simtaji, namhudumia tangu nimeanza kazi. Ana masanduku kama 90. Hanunui kwa kusikia, amechagua sehemu mbili tu, upande wa kaskazini wa mto Rhône kule Ufaransa na Barolo kule Italia, na anazijua mteremko kwa mteremko, anajua mwaka fulani mvua ya mawe ilipiga shamba lipi. Akipenda kitu ananunua masanduku mawili ya mvinyo ule ule, yale ya asili ya mbao yaliyofungwa, moja la kunywa, moja la kukaa. Kwenye lile la kunywa anachukua chupa moja kila baada ya miaka miwili mitatu, anaonja, ananiandikia na mimi naweka kwenye faili: bado umefunga, au umeanza kufunguka, au umefika. Kwa hiyo anapouza lile la pili anajua anauza nini na ni wakati gani, na hela yake inanunua mengine mawili. Hajawahi kuyapeleka nyumbani halafu kuyarudisha, kwa sababu sanduku likitoka ghalani hata wiki moja ule mnyororo wa karatasi umekatika na bei inashuka, na kwenye ghala la forodha ushuru na kodi havijalipwa bado, mnunuzi wa nchi nyingine anachukua bila mzigo huo. Ana bima ya bei ya leo, siyo ya aliyonunulia. Kila baada ya miaka mitano anaomba tupige picha kiwango cha mvinyo kwenye kila chupa ambayo haiko ndani ya sanduku lililofungwa.

Nilimuuliza siku moja kama amepata faida. Akasema ukijumlisha yote amekunywa bure miaka 30. Hakutaja pesa nyingine.

Mjomba alicheka sana aliposikia hiyo, akasema huyo mzungu ana akili, halafu akanyamaza muda akiangalia zile za kwenye sofa. Niliona aibu kidogo kumharibia mzee hesabu ya nyumba, ila afadhali mimi kuliko dalali angemtoza ada ya kuzithaminisha kwanza.

Tukarudi kwenye Port. Mwaka 1985 nyumba nyingi za Port ziliutangaza kuwa mwaka wa kujaza chupa zao bora, na hii ni aina inayokaa kwenye mapipa miaka miwili tu kisha inazeekea ndani ya chupa kwa miongo. Inaongezwa spiriti wakati inachachuka, ndo maana sukari inabaki na kilevi kinafika kama asilimia 20, na vitu hivyo viwili vinaustahimilisha mvinyo kuliko Lynch-Bages. Kuuza, hapana, sababu ni zile zile za karatasi na joto. Ila kiwango kilikuwa kimeshuka kidogo tu, na foili ilizunguka. Nikamwambia mjomba hii tuisimamishe siku mbili mashapo yatulie chini, kisha tuifungue Krismasi.

Kizibo kilivunjika katikati, nikakitoa vipande, nikaumimina pole pole kwenye jagi la maji huku tochi iko chini ya shingo, na nilivyoona ule uzi mweusi wa mashapo unakaribia nikaacha, zikabaki kama glasi moja ya matope. Ulikuwa umezeeka kuliko umri wake, mwekundu uliofifia, lakini ulikuwa hai, unanukia tini kavu, karafuu na ngozi ya kiti cha gari la zamani. Shangazi, ambaye miaka yote alikuwa anazipangusa zile chupa bila kuruhusiwa kugusa, alikunywa glasi mbili na kipande cha keki. Mjomba akachukua daftari la dada, akafuta ile milioni 41, akaandika tarehe, jina la Port, na majina ya waliokunywa.